Kilomita Moja Inakula Shilingi Ngapi? Daftari la Gari Kwenye Lahajedwali

Dereva wa teksi mtandao Dar es Salaam anaijua bei ya lita ya petroli kwa kichwa. Bei kikomo hutangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na siku hiyo haizungumzwi habari nyingine kijiweni. Muulize kilomita moja inamgharimu shilingi ngapi, wengi watakupa jibu la kukisia. Ila ni hesabu hiyo ya kilomita inayoonyesha kama safari ina faida, na ndiyo inayowahi kusema kwamba gari limeanza kuumwa.

Chukua Toyota IST ya injini ya sisi 1,500, gari linaloonekana kila kona ya mji. Fungua Google Sheets au Excel kwenye simu, karatasi ya kwanza uiite Mafuta. Kuanzia safu A hadi E andika tarehe, odometa, lita, shilingi, na kama tangi limejaa. Safu hiyo ya mwisho jaza N kwa ndiyo au H kwa hapana. Usiiruke, kwa sababu hesabu yote imesimama juu yake.

Sababu ni kwamba wengi wetu hatujazi tangi. Tunaweka ya elfu kumi asubuhi, ya elfu ishirini jioni. Ukigawanya kilomita za leo kwa lita za leo utapata namba isiyo na maana, kwa kuwa hujui tangini mlibaki kiasi gani. Hesabu ya kweli huanzia tangi likiwa limejaa na kuishia siku litakapojaa tena. Lita zote ulizoweka katikati, pamoja na zile za kujazia siku ya mwisho, ndizo gari lilizotumia. Kwa hiyo endelea kununua kidogo kidogo kama kawaida, ila kila baada ya wiki moja au mbili jaza tangi. Mwambie mhudumu aachie pampu ikate yenyewe mara ya kwanza, asishindilie. Ukiweza, rudi kituo kilekile, gari likiwa limesimama mahali tambarare.

Anza kuandika siku tangi likiwa limejaa, mstari wa 2. Kuanzia mstari wa 3 weka fomula hizi, kisha zivute kwenda chini:

```
F3: =IF(E2="N",C3,F2+C3)
G3: =IF(E2="N",B2,G2)
H3: =IF(E3="N",(B3-G3)/F3,"")
I3: =IF(E3="N",(D3/C3)/H3,"")
```

Safu F inakusanya lita tangu tangi lilipojaa, G inakumbuka odometa ya siku hiyo, H inatoa kilomita kwa lita, na I inatoa shilingi za mafuta kwa kilomita kwa bei ya siku hiyo. Programu ikikataa mkato, weka nukta mkato badala yake.

Tuseme tangi lilijaa odometa ikisoma 142,310. Ukaweka lita 6, baadaye lita 10, halafu ukajaza kwa lita 18 odometa ikiwa 142,735. Umetembea kilomita 425 kwa lita 34, yaani kilomita 12.5 kwa lita. Petroli ikiwa shilingi 2,800, kilomita moja imekula shilingi 224.

Zisome safu H na I kila moja kwa kazi yake. Bei ikipanda hadi 3,000, safu I itaruka hadi 240 na gari halina kosa lolote. Ukitafuta ugonjwa wa gari, tazama H peke yake. I ni ya kupangia nauli.

Usishtuke kwa kujaza mara moja. Foleni, kiyoyozi na abiria wengi vinatosha kushusha namba, na pampu ikikata mapema au kuchelewa kwa lita moja, katika lita 34 hiyo ni karibu asilimia 3. Ndiyo maana ukijaza baada ya lita 8 tu, jibu haliaminiki. Subiri mara ya pili. Ikiwa gari lililokuwa likitoa 12.5, 12.3 na 12.6 limetoa 11.3 kisha 11.2, na njia zako ni zilezile, hapo kuna jambo. Kwa bei ileile kilomita sasa inakula shilingi 250. Kwa dereva anayetembea kilomita 3,000 kwa mwezi, hizo ni shilingi 78,000 zinazopotea.

Namna namba ilivyoshuka inakuambia uanzie wapi. Ikishuka pole pole kwa miezi, shuku filta ya hewa iliyojaa vumbi, plagi zilizochakaa au upepo wa tairi. Ikishuka ghafla na kubaki chini, kama hapa, shuku breki inayong'ang'ania, thamostati iliyokwama wazi, au mafuta yanayovuja au kunyonywa. Anza na kisicho na gharama: pima upepo asubuhi tairi zikiwa za baridi, ulinganishe na kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kisha endesha kwenye barabara iliyonyooka bila kushika breki sana, simama, na usogeze mgongo wa mkono karibu na rimu bila kuigusa. Rimu moja ya mbele ikiwa na joto kuliko mwenzake, nenda gereji. Fundi ainue gurudumu na jeki, alizungushe kwa mkono. Likisimama hapohapo, mara nyingi pini za kaliper zimekauka na pedi haziachii diski. Zinasafishwa na kupakwa grisi maalumu ya breki. Usikubali grisi ya kawaida, maana inavimbisha mipira na breki itakwama tena.

Matengenezo hayo yaandike kwenye karatasi ya pili, Matengenezo: tarehe, odometa, kazi na spea, fundi, gharama. Andika hata yale ya kujifanyia mwenyewe, hasa oili na maji ya rejeta ulivyoongeza. Nusu lita ya oili kila baada ya wiki chache haionekani kuwa kitu, lakini ikijipanga kwenye safu moja utaona injini inakula au inavujisha oili kabla haijakuachia njiani. Maji yanayopungua bila tone chini ya gari yanahitaji fundi aikague gasketi ya silinda hedi haraka.

Jumlisha gharama za karatasi hii, ugawanye kwa kilomita za kipindi hichohicho. Shilingi 1,350,000 kwa kilomita 15,000 ni shilingi 90 kwa kilomita. Ongeza 224 za mafuta, unapata 314, bima na hesabu ya mwenye gari bado. Kumbuka kilomita za kumfuata abiria nazo zimo: safari ya kilomita 5 uliyoifuata kilomita 3 inabeba gharama ya kilomita 8, yaani shilingi 2,512.

Tahadhari moja: ukifunga tairi kubwa kuliko za awali, odometa itahesabu kilomita pungufu na H itashuka bila ugonjwa wowote. Siku hiyo iandike kwenye Matengenezo, na namba za zamani usizilinganishe na mpya.

Risiti ya EFD hufifia ikikaa kwenye dashibodi juani. Ipige picha pamoja na odometa ungali kituoni, na uingize namba siku hiyohiyo.