Tangazo Likiandikwa Upya: Namna ya Kuhakiki Tarehe, Bei, Namba na Majina

Matangazo mengi ya ofisi huandikwa mara mbili. Mara ya kwanza huandikwa na ofisi yenyewe, kwa lugha ya kiofisi, na kubandikwa ubaoni. Mara ya pili huandikwa na katibu, mjumbe, mwalimu au jirani mwenye nia njema anayetaka watu waelewe upesi. Hilo la pili ndilo linalosomwa baada ya swala au ibada na kutumwa kwenye makundi ya simu, na wananchi wengi hawaoni jingine. Majibu haya ni kwa ajili ya anayeandika upya, na pia kwa anayeombwa kulikagua tangazo kabla halijatoka.

Ninapoandika upya, nina uhuru kiasi gani?

Unaruhusiwa kufupisha sentensi, kubadili mpangilio na kuweka neno jepesi mahali pa neno gumu. Huruhusiwi kugusa tarehe, saa, kiasi, bei, jina wala namba ya simu au ya malipo. Kuna pia kundi jingine ambalo waandishi wengi hulisahau: maneno madogo yanayoifunga namba na maana yake. Hayo ni kama “kuanzia”, “hadi”, “kabla ya”, “si zaidi ya” na “kwa kila”. Mtu huyaona kama mapambo ya sentensi, akayabadili kwa ajili ya ladha, na hapo namba iliyo sahihi inaanza kusema uongo.

Makosa hayo huonekanaje?

Tuchukue mfano wa kubuni wa jumuiya ya watumia maji kijijini. Tangazo la awali linasema hivi:

“Kuanzia tarehe 1 Agosti 2025, bei ya maji katika vituo vya kuchotea itakuwa Sh 50 kwa ndoo ya lita 20, badala ya Sh 40. Kwa waliounganishiwa maji nyumbani, bei itakuwa Sh 1,750 kwa uniti. Wenye madeni yaliyoishia tarehe 30 Juni 2025 wayalipe si zaidi ya tarehe 15 Agosti 2025, saa 9:30 alasiri. Ada ya kurudishiwa huduma ni Sh 15,000. Mkutano wa maelezo utafanyika Jumamosi, tarehe 26 Julai 2025, saa 4:00 asubuhi, Ofisi ya Kijiji.”

Likaandikwa upya hivi:

“Ndugu wanakijiji, mwezi wa nane bei ya maji inapanda kwa shilingi 50 kwa ndoo. Wenye maji nyumbani watalipa kama 1,700 kwa uniti. Wenye madeni walipe kabla ya tarehe 15 mwezi wa nane, saa 3:30. Atakayekatiwa maji atatozwa 15,000. Mkutano ni Jumamosi hii saa 10 asubuhi, Ofisi ya Kijiji.”

Tangazo la pili linasomeka vizuri kuliko la kwanza, na ndiyo maana ni la hatari. Angalia bei ya ndoo. Hamsini imeandikwa, hakuna tarakimu iliyokosewa, lakini bei “kupanda kwa 50” maana yake ni kuongezeka shilingi 50 juu ya 40 za zamani, yaani ndoo moja Sh 90. Nyongeza halisi ni shilingi 10. Mama anayechota ndoo sita kwa siku atakwenda mkutanoni na hasira isiyo na sababu, au muuza maji atapata kisingizio cha kutoza anavyotaka.

Bei ya uniti nayo imekatwa ili iwe nyepesi kukumbukwa. Nyumba inayotumia uniti 12 kwa mwezi itaandaa Sh 20,400 badala ya Sh 21,000, na Sh 600 zitakazopungua zitaingia kwenye daftari kama deni. Bei haina “kama”. Mwenye kulipa hapunguziwi kwa sababu tangazo lilikadiria.

Kwenye madeni mambo mawili yamepotea. “Si zaidi ya tarehe 15” inaihesabu tarehe 15 yenyewe, lakini “kabla ya tarehe 15” inaishia tarehe 14, kwa hiyo mwananchi amenyang’anywa siku nzima. Tena tarehe 30 Juni imeachwa kabisa, ingawa ndiyo inayoonyesha ni madeni yapi yanayozungumzwa. Anayedaiwa ankara ya Julai peke yake atadhani naye yumo. Na ile 15,000, ingawa ni sahihi, imehamia mahali pengine: imekuwa adhabu ya kukatiwa maji wakati ilikuwa ada ya kuyarudisha.

Kwa nini saa hukosewa mara nyingi hivi?

Kwa sababu tunaishi na saa mbili. Kinywani tunahesabu kuanzia kuchomoza na kuzama kwa jua, lakini simu na kompyuta zinahesabu kuanzia usiku wa manane. Tofauti ni saa sita. Mwandishi akishaweka kikumbusho kwenye simu yake, simu inamwonyesha 10:00 kwa mkutano na 3:30 kwa mwisho wa kulipa, naye ananakili kutoka kwenye simu badala ya karatasi.

“Saa 10 asubuhi” angalau inajifichua yenyewe, kwa sababu msomaji atashtuka na kuuliza. Inayotisha zaidi ni “saa 3:30” iliyoachwa bila kutajwa kipindi cha siku, kwa kuwa inaonekana ya kawaida. Huyu ataisoma asubuhi, yule ataisoma usiku, na hakuna atakayefikiria alasiri. Kila saa ifuatane na neno lake: alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni au usiku. Kama tangazo la awali limetumia saa za kimataifa, kwa mfano 15:30, toa sita upate 9:30 alasiri, kisha mtu wa pili arudie hesabu hiyo.

Siku nazo zina mtego wake. “Jumamosi hii” inakuwa Jumamosi nyingine kila tangazo linaposambazwa tena baada ya wiki. Huko pwani, “usiku wa Ijumaa” kwa wazee wengi ni usiku unaoanza Alhamisi jua likizama, lakini kwa vijana wengi ni Ijumaa yenyewe jioni. Andika siku pamoja na tarehe, na kwa usiku andika “usiku wa kuamkia”. Kwa tarehe, andika jina la mwezi. 3/8 kwetu ni tarehe 3 Agosti, lakini ndugu aliye Marekani anaweza kuisoma kama tarehe 8 Machi.

Basi nikague vipi?

Usikague kwa kusoma tangazo jipya peke yake. Ukilisoma peke yake utalipima kwa ufasaha, na ufasaha hauna shida. Chukua karatasi mbili. Kwenye ya kwanza toa kila tarehe, saa, kiasi, bei, siku na mahali kutoka kwenye tangazo la awali, moja kwa kila mstari. Kwenye ya pili fanya vivyo hivyo kwa tangazo jipya, bila kuchungulia ile ya kwanza. Kisha ziweke pamoja.

Kwa mfano wetu, karatasi ya kwanza ina mistari 13. Ukilinganisha, ni mitano tu inayokubaliana: 50, 15,000, tarehe 15 Agosti, Jumamosi na Ofisi ya Kijiji. Mingine minane imebadilika au haipo. Linganisha pia kutoka jipya kwenda la awali, maana wapo wanaoongeza namba ambayo ofisi haikuitaja, kama vile jumla waliyoipiga wenyewe.

Lakini orodha ina mipaka yake, na ni vyema uijue. Zile 50, 15,000 na tarehe 15 zimepita salama kwenye orodha ilhali zote tatu zimepotoshwa. Kwa hiyo baada ya orodha, iulize kila namba maswali matatu: ni ya nini, ni ya nani, na inaanzia au inaishia wapi? Majibu yapatikane kwenye sentensi ya awali na sentensi mpya, na yafanane.

Kwa namba ndefu, kama namba ya simu au ya malipo, jicho halitoshi. Mmoja asome kwa sauti tarakimu moja moja kutoka kwenye la awali, mwingine afuate kwa kidole kwenye jipya. Kosa la kawaida ni kupindua tarakimu mbili zilizo jirani, kama 1,750 kuwa 1,570. Wahasibu wana njia ya kulinusa: jumla zikikataa kulingana, na tofauti yake ikagawanyika kwa tisa bila kubaki kitu, kuna uwezekano mkubwa tarakimu zimepinduliwa. Hapa tofauti ni 180, ambayo ni tisa mara ishirini.

Je, nikiandika kiasi kwa maneno ni salama zaidi?

Maneno peke yake, hapana. “Elfu mia mbili na hamsini” yaweza kuwa 250,000 au 200,050, na “laki mbili na hamsini” ya sokoni ina utata uleule. Weka tarakimu kama zilivyo, na ukipenda ongeza maneno kando yake. Mipakani, Namanga au Horohoro, taja pia ni shilingi ya nchi gani.

Na majina?

Andika kama mwenyewe alivyoandikwa. Athumani na Othman, Asha na Aisha, Mohamedi na Muhammad huweza kuwa watu tofauti kwenye orodha moja, na anayekwenda kuchukua hati au fedha atalinganishwa na kitambulisho chake herufi kwa herufi. Usifupishe jina la tatu. Usirekebishe tahajia unayodhani ni kosa.

Nikigundua tangazo la awali lenyewe lina kosa?

Tuseme limeandikwa “Jumamosi, tarehe 27 Julai 2025”. Kalenda inasema siku hiyo ni Jumapili. Usichague wewe ipi ni sahihi, hata kama unaona wazi. Mpigie aliyetoa tangazo, akuambie ni siku au tarehe iliyokosewa, kisha uandike ulichoambiwa na umtaje aliyekuambia. Kama hapatikani, usilitoe tangazo hilo bado. Likilazimika kutoka, toa maneno ya awali kama yalivyo na uandike chini yake kwamba siku na tarehe hazilingani na ofisi inaulizwa. Kosa likirekebishwa kimya kimya, kijijini kutakuwa na matangazo mawili yanayopingana, na hakuna atakayejua lipi ni la ofisi.

Nawe uliyepokea tangazo lililoandikwa upya, kabla hujatoa shilingi yako au kufunga safari ya mkutano, omba uone la awali. Likiwa ubaoni, nenda ukalisome au mtume mtu alipige picha.