Je, Tanuri la Pili Lafaa?

Mjomba wangu ana tanuri la mikate katika mtaa wa Thongpiny, mjini Juba. Hutumia magunia mawili ya unga wa ngano kila siku, na mikate huisha mapema. Alitaka kujenga tanuri la pili. Kwa kuwa nasoma hesabu za biashara, aliniomba nichunguze kwanza.

Nilianza na kazi yenyewe. Gunia la kilo 50, likitiwa maji lita 30, hutoa kinyunya cha kilo 80 hivi, yaani mikate 800 ya gramu 100 kabla ya kuokwa. Tanuri huchukua mikate 200 kwa dakika 20, basi laweza kuoka 600 kwa saa. Lakini wakandaji wawili hukanda nusu gunia tu kwa saa, yaani mikate 400. Kumbe tanuri ndilo linalongojea kinyunya! Tanuri la pili lingengoja vilevile. Kinachohitajika ni mashine ya kukandia.

Pili, fedha. Paundi ya Sudan Kusini ilianza mwaka 2011, na tangu Desemba 2015 thamani yake imeshuka sana. Unga nao hutoka nje, mwingi ukipita barabara ya Nimule. Hesabu ya paundi huchakaa upesi. Kwa hiyo nilihesabu kwa mikate. Katika mikate 800 ya gunia la tatu, 450 hulipa unga. 100 hulipa hamira, chumvi, mafuta na kuni. 60 hulipa kibarua. Na 70 hulipa dizeli ya jenereta. Yabaki 120. Mashine yagharimu bei ya mikate 30,000, basi italipwa kwa siku 250 za kazi. Lakini unga ukipanda hata kufikia bei ya mikate 520, yabaki 50 tu, na siku zitakuwa 600.

Tatu, soko. Wanunuzi wakubwa ni akina mama wauza chai, nao hutaka mkate alfajiri. Mkate unaochelewa hulala, na 40 ikilala kila siku, faida yabaki 80, yaani siku 375. Ikilala 120, hakuna faida kabisa.

Basi nilimshauri mjomba asinunue kitu bado. Kwa majuma mawili aajiri wakandaji wawili zaidi usiku, aoke gunia la tatu, na kila jioni aandike idadi ya mikate iliyolala. Achunguze pia kinyunya cha mwisho: akikibonyeza kwa kidole nacho kikanywea, kimengoja tanuri kupita kiasi, na hapo ndipo tanuri limekuwa dogo. Mikate inayolala ikizidi 40, asinunue mashine. Ikipungua, anunue, na fedha za tanuri la pili aziweke katika akiba ya unga kwa siku ambazo bei itapanda.