Saa ya Goma, ndege ya Nairobi

Swali: Ndugu yangu wa Goma alipandia ndege Kigali, akaachwa na ndege ya pili Nairobi, ingawa saa yake ilionyesha muda bado upo. Kosa liko wapi?

Jibu: Goma na Kigali hufuata saa ileile, Nairobi imezitangulia kwa saa nzima. Tiketi huandika saa ya mahali ndege inapoondokea. Tuseme yake iliandikwa 17:00. Akiwa ameketi Nairobi, saa ya mkononi ikasoma 15:50, akaona amebakiwa na dakika 70. Kumbe ilikuwa 16:50, na mlango wa kupandia umeshafungwa. Ukishuka Nairobi, linganisha saa yako na ubao wa safari kabla hujaketi.