Damu Kukoma Si Yai Kukoma: Testosteroni, Hedhi na Uzazi wa Mpango Migori na Homa Bay

Testosteroni, homoni ambayo mwanamume transjenda (yaani mtu aliyezaliwa na mwili wa kike lakini anajitambua na kuishi kama mwanamume) hudungwa ili apate ndevu na sauti nzito, haizimi hedhi siku ile ile inapoingia mwilini. Ovari hupokea amri kutoka ubongoni ili zitoe estrojeni, homoni inayojenga utando wa ndani wa mji wa mimba, na kwa kuwa testosteroni huidhoofisha amri hiyo polepole, utando uliokwisha kujengwa hauna budi kumwagika. Kwa wengi damu hukoma ndani ya miezi 6, ingawa baadhi husubiri hadi mwaka.

Tuseme mwanamume wa Rongo anadungwa miligramu 200 kila baada ya wiki 2, na katika mwezi wa 4 bado anaona matone ya damu siku ya 12 au ya 13 baada ya kila sindano. Siku hizo zenyewe zinadokeza chanzo: homoni hupanda siku za mwanzo, kisha hushuka sindano inayofuata inapokaribia, na hapo ovari hupata mwanya wa kuamka. Kujiongezea dozi ni kosa, kwani testosteroni ikizidi huzidisha chembe nyekundu na kuifanya damu kuwa nzito. Mhudumu wa afya anaweza kuigawa dozi ile ile iwe miligramu 100 kila wiki, ili kiwango kisiyumbe.

Hata damu ikikoma kabisa, yai laweza kupevuka kimyakimya, na anayelala na mtu mwenye mbegu za kiume anaweza kushika mimba. Kwa kuzuia mimba, sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu hufaa wengi, kwa kuwa ina projestini pekee, haina estrojeni, na mara nyingi huisaidia hedhi kukoma. Ile ya chini ya ngozi mtu hufundishwa kujidunga nyumbani, faida isiyo ndogo kwa mwenye ndevu asiyependa kupanga foleni katika kliniki ya akina mama. Kijiti cha mkononi nacho ni imara, ila dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini na ya virusi vya ukimwi iitwayo efavirenzi huipunguza nguvu yake, jambo la kuulizwa mapema Homa Bay na Migori, ambako maambukizi ya virusi hivyo ni miongoni mwa yaliyo juu zaidi nchini. Koili ya shaba haiathiriwi na dawa hizo, lakini huweza kuzidisha damu.

Damu ikirudi baada ya kukoma kwa miezi mingi, ilhali hakuna sindano ya testosteroni iliyorukwa, kipimo cha mimba hutangulia, kisha uchunguzi wa maambukizi na wa uvimbe kwenye mji wa mimba. Mimba ikithibitika, testosteroni husimamishwa mara moja, kwa sababu inaweza kuvuruga ukuaji wa viungo vya uzazi vya mtoto wa kike aliye tumboni.