Daraja la wastani halitoshi

Matokeo ya darasa la saba Tanzania yakitoka, mwalimu amwonyeshe mzazi daraja la kila somo kwanza, wastani baadaye. Masomo ni 6, kila moja alama 50, jumla 300. Daraja la wastani hutokana na jumla hiyo: C inaishia 180 na B inaanzia 181. Alama moja tu huwatenganisha watoto wawili, ilhali wa 181 na wa 240 wote wanaitwa B. Mzazi atasema wastani ndio unaompeleka mtoto sekondari. Ni kweli, lakini C ya wastani yaweza kuficha E ya Hisabati. Nayo E haisemi kama mtoto hakuelewa sehemu, aliumwa siku ile, au hakulielewa swali lenyewe. Hilo aulizwe mwalimu wa somo, madaftari ya mwaka mzima yakiwa mezani.