KWA NINI TARAKILISHI HUKATAA KWAMBA 0.1 IKIJUMLISHWA MARA KUMI NI 1?

Muulize mtoto yeyote wa darasa la tano: ukijumlisha 0.1 mara kumi, utapata ngapi? Atakujibu "moja" kabla hujamaliza kuuliza. Sasa iulize tarakilishi swali lilo hilo kwa lugha ya Python, nayo itasema si moja. Tena haijaharibika wala haina virusi. Katika makala haya nataka tuone inakuwaje, maanake jambo hili linaweza kumtia mtu mashakani bure.

Hebu nianze na kisa. Binamu yangu anasoma katika shule moja iliyo mbali na hapa. Huko mwanafunzi mmoja aliandika programu ya kuhakiki stoo ya jikoni. Kila pakiti ya sukari ikipimwa, uzito wake kwa kilo unajumlishwa, kisha jumla inalinganishwa na kilo zilizoandikwa kwenye risiti. Muhula mzima programu ilifanya kazi vizuri kabisa. Wakati huo sukari ilikuwa ikija kwa pakiti za robo kilo. Muhula uliofuata zikaja pakiti kumi za gramu 100, yaani kilo 0.1 kila moja. Sehemu ya programu yenyewe ilikuwa hivi:

```
jumla = 0.0
for pakiti in range(10):
    jumla = jumla + 0.1
print("%.2f" % jumla)
if jumla == 1.0:
    print("SAWA")
else:
    print("HAZILINGANI")
```

Kwenye skrini ikatokea 1.00, na chini yake HAZILINGANI. Mama wa stoo akaitwa ofisini aeleze sukari imeenda wapi. Maskini, alibaki kuapa tu, na pakiti zote kumi ziko pale mezani!

Je, kosa lilikuwa wapi? Tuanze na jambo tunalolijua. Andika theluthi moja kwa desimali: 0.3333, na ukiendelea hadi kesho hutaimaliza. Mahali fulani itabidi ukate, na ukikata, ulichoandika si theluthi tena bali ni kitu kilichoikaribia. Sisi tunahesabu kwa kumi, na kumi haigawanyiki kwa tatu.

Tarakilishi nayo ina shida kama hiyo, ila yake huanza mapema zaidi. Yenyewe ina tarakimu mbili tu, 0 na 1. Baada ya nukta haina sehemu za kumi na za mia kama sisi. Ina nusu, robo, sehemu ya nane, ya kumi na sita na kuendelea hivyo, kila moja nusu ya iliyotangulia. Nusu na robo inaziandika barabara, bila kubakiza chochote. Lakini jaribu kuipata 0.1 kwa vipande hivyo. Utachukua 1/16 na 1/32, upate 0.09375. Bado haijatosha. Ongeza 1/256 na 1/512, upate 0.099609375. Bado! Utaongeza na kuongeza, wala hutafika.

Kwa kuwa nafasi yake ina mpaka, tarakilishi hulazimika kukata. Kwa kanuni iitwayo IEEE 754, iliyotolewa mwaka 1985 na ambayo tarakilishi nyingi huifuata, namba ya desimali ya kawaida huwekewa tarakimu 53 za 0 na 1. Zinazobaki hukadiriwa. Ukitaka kuona kilichohifadhiwa kweli, agiza tarakimu 20:

```
print("%.20f" % 0.1)
```

Utaona 0.10000000000000000555. Imezidi kidogo sana, lakini imezidi.

Mtu atauliza: ikiwa kila 0.1 imezidi, mbona jumla ya pakiti kumi ilipungua? Ni kwamba kila ukijumlisha, jibu nalo linakadiriwa upya ili litoshee katika nafasi zile 53. Mara linapanda kidogo, mara linashuka. Baada ya pakiti ya tatu jumla ni 0.30000000000000004; baada ya ya nane ni 0.7999999999999999, na baada ya ya kumi ni 0.9999999999999999. Haba na haba hujaza kibaba, lakini hapa haba na haba ilikipunguza!

Sasa alama ya == haijui "karibu". Inauliza kama namba mbili ni zile zile hadi tarakimu ya mwisho. Amri ya "%.2f" kwa upande wake huonyesha tarakimu mbili tu baada ya nukta, ndiyo maana skrini iliandika 1.00. Basi ukiona namba mbili zinazofanana machoni na programu inang'ang'ania kwamba ni tofauti, zichapishe kwa tarakimu nyingi kabla ya kumshuku mtu.

Na kwa nini muhula wa kwanza hakukuwa na taabu? Kwa sababu robo ni 0.25, na robo nne ni moja kamili hata kwa tarakilishi. Hapo ndipo hatari ilipo. Hata 0.1 + 0.3 == 0.4 hujibiwa "kweli", lakini 0.1 + 0.2 == 0.3 hujibiwa "si kweli". Programu kufaulu leo si ithibati kwamba kesho itafaulu.

Dawa ni mbili. Ya kwanza, na ndiyo bora kwa vitu kama pesa na uzito, ni kuhesabu kwa namba nzima. Usiandike kilo 0.1, andika gramu 100. Usiandike shilingi 2.50, andika senti 250. Mia mara kumi ni elfu moja, na hapo == haina matata. Ila ukibadilisha desimali kuwa namba nzima, tumia round, usitumie int, kwa sababu int hukata tu: int(0.29 * 100) hukupa 28 badala ya 29.

Dawa ya pili ni kuuliza kama tofauti ni ndogo kiasi cha kutojali:

```
abs(jumla - 1.0) < 0.0005
```

Hapa nimechagua nusu gramu kwa sababu mizani ya jikoni husoma gramu nzima. Kipimo hiki kitoke kwenye kazi yenyewe, kisibuniwe tu. Kikiwa kikubwa mno, sukari itaibwa kweli na programu itasema SAWA. Kikiwa kidogo mno, tutarudi pale pale pa kumwita mama wa stoo ofisini.

Tahadhari moja imebaki. Ukiandika while jumla != 1.0, huku ukiongeza 0.1 kila mara, programu haitasimama kamwe, kwani jumla itairuka 1.0. Ukiandika while jumla < 1.0, itasimama, lakini itakuwa imezunguka mara kumi na moja, maanake 0.9999999999999999 bado ni chini ya moja. Hesabu pakiti, usihesabu kilo: for pakiti in range(10) huzunguka mara kumi, basi.

Wenzangu wa maabara ya tarakilishi, jaribuni 1.1 + 2.2 == 3.3 mwone wenyewe jibu lake.