Ukumbi, Nyumbani au Bustanini?

Mavuno yakisha kuingia ghalani, katika wilaya za Mbulu na Hanang huanza msimu wa harusi. Kamati zaundwa, kadi za michango zatembezwa, na swali la kwanza huwa ni hili: wageni tutawakaribisha wapi? Wengi hujibu upesi kwamba nyumbani ndiko rahisi, kwa kuwa kiwanja hakilipiwi kodi. Twaomba wazazi wasilikubali jibu hilo kabla ya kukaa na kalamu na karatasi.

Tutwae mfano wa wazazi waliogawa kadi kwa watu 250. Bei tutakazozitaja ni za mfano tu. Kila mmoja aweke zile za mahali pake. Tuseme ukumbi ni shilingi 600,000, pamoja na viti, umeme, maji na vyoo. Mpishi wa kukodiwa ataka shilingi 5,000 kwa sahani. Basi sahani 250 ni shilingi 1,250,000, na jumla ni 1,850,000.

Sasa harusi hiyo ifanywe nyumbani, tena usiku, kama ilivyo desturi siku hizi. Wageni 250 wakikaa kwa safu wahitaji turubai tatu za mita 6 kwa 12. Hizo ni shilingi 180,000. Viti ni 125,000. Jenereta na mafuta yake ni 110,000. Vyoo vya muda na maji ni 85,000. Tayari ni shilingi 500,000, na kodi hatujalipa. Lakini hasara yenyewe haipo hapo. Ukumbini kadi husomwa mlangoni. Nyumbani hakuna mlango. Jirani aliyekusaidia kuvuna hawezi kuulizwa kadi, wala mwanawe. Watu 250 wawa 350, na mpishi alipwe kwa kila sahani: shilingi 1,750,000. Jumla yafika 2,250,000. Ile nyumba iliyodhaniwa rahisi imeushinda ukumbi kwa shilingi 400,000.

Je, twawakataza watu kufanya harusi nyumbani? La, hasha. Tazama jambo moja likibadilika. Misa ianze saa nne asubuhi, chakula kiwe saa saba mchana, watu waagane saa kumi na moja. Jenereta la kuwasha taa halihitajiki. Kipaza sauti kidogo cha betri chatosha. Majirani wenyewe wapike, kwa mahindi, maharage na kuni zilizoletwa na ukoo, na sahani ishuke hadi shilingi 2,500. Hata wakija wale 350, chakula ni 875,000. Pamoja na shilingi 390,000 za turubai, viti, vyoo na maji, jumla ni 1,265,000. Kwa hiyo nyumbani ndiko mahali pa bei ndogo kuliko pote, na ndiko pa bei kubwa kuliko pote. Tofauti yaletwa na saa ya karamu na mkono unaopika.

Saa hiyo yatuhusu zaidi sisi wa nyanda za juu. Mwezi wa Juni na Julai, jua likishatua Mbulu, baridi huingia hata chini ya turubai. Dalili yake ni sahani: mafuta ya nyama ya mbuzi huganda kabla mgeni hajamaliza kula. Wazee huanza kuondoka kabla ya zawadi kutolewa, na kamati husema wamekosa adabu! Ikiwa karamu lazima iwe ya usiku, wenye wazee na watoto wachanga wachague ukumbi. Wasisahau kuupima: wageni 250 wenye kuzunguka meza wahitaji nafasi ya mita 15 kwa 25 hivi, mbali na mahali pa maharusi na pa kucheza. Tena waulize kama kodi ina viti ndani yake, umeme ukikatika nani awashaye jenereta, na mlango hufungwa saa ngapi.

Bustani ni nzuri kwa picha, nasi hatuichukii. Ila kodi yake, tuseme shilingi 400,000, mara nyingi ni ya nyasi tu. Turubai na viti mwaleta wenyewe, na jumla yaweza kuupita ukumbi. Kule Katesh, chini ya Mlima Hanang wenye mita zaidi ya 3,400, upepo huinua turubai lisilofungwa kwa vigingi virefu. Mambo ya ndoa za kuanzia Novemba hadi Mei yataka tahadhari zaidi, kwa kuwa ni miezi ya mvua, na udongo uliolowa haushiki kigingi. Mwenye kuipenda bustani na akae na mwenye mahali kabla ya kutoa arubuni, akubaliane naye kwa maandishi: mvua ikinyesha, wageni wataingia nyumba gani, na yenyewe yachukua wangapi.